Bukoba 5.9, Dar 6.0: ukubwa, ukali na ufa wa tetemeko, uangalie kipi na lini

Chukua matetemeko mawili ambayo wengi tunayakumbuka. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, mchana kama saa tisa na nusu hivi, Kagera ikatikisika. Ukubwa 5.9. Watu wasiopungua 17 wakafariki, mamia wakaumia, nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupasuka, shule za Ihungo na Nyakato zikabidi zifungwe maana majengo yalikuwa hayafai tena kukaa watoto. Alafu Jumatano tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na dakika 13 usiku, ikawa zamu ya Dar. Ukubwa 6.0. Watu wakashuka magorofani mbio, wengine na kanga tu na simu mkononi, status zikajaa, Zanzibar na Mombasa wakasikia, mpaka Nairobi kuna waliosikia. Kesho yake watu wakaamka wakaenda kazini kama kawaida.

Sasa kwa hesabu ya kawaida 6.0 ni kubwa kuliko 5.9, si ndio? Mbona la Bukoba liliua na la Dar likaishia kuwa stori? Hili swali likiulizwa kwenye grupu majibu huwa ni "la Bukoba lilikuwa kali zaidi", mwingine anakuja juu "hapana la Dar ndo kali, angalia namba", na wanabishana mpaka usiku wakati wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja anaongelea kitu chake. Kuna vitu vitatu hapa ambavyo kwenye habari zetu huwa vinachanganywa kwenye sufuria moja: ukubwa, ukali, na ufa. Nitaviweka pembeni kwa pembeni kwa kutumia hayo matetemeko mawili, ujue ukiwa na shida fulani uangalie kipi.

Ukubwa

Ukubwa ni namba moja kwa tetemeko zima. La Bukoba ni 5.9 ukiwa Bukoba, ni 5.9 ukiwa Kisumu, ni 5.9 hata ukiwa Muscat ambako hamna hata kikombe kilichocheza. Ni kama wati za spika ya harusi ya mtaani, wati zimeandikwa kwenye spika na hazibadiliki, ila kelele unayoisikia inategemea wewe umelala nyumba ya tatu au ng'ambo ya barabara. Wati ndo ukubwa, kelele chumbani kwako ndo ukali.

Ila wanapima nini hasa? Watu wengi wanadhani mashine inapima "jinsi lilivyotikisa" basi. Siku hizi ukubwa unaotangazwa kwa matetemeko ya kuanzia kati na kuendelea unatokana na vitu vitatu vilivyotokea huko chini: eneo la mwamba lililoteleza lina upana gani, liliteleza umbali gani, na mwamba wenyewe ni mgumu kiasi gani. Vizidishe hivyo vitatu, alafu ipitishe hesabu kwenye kanuni moja ya logi, inatoka namba kama 5.9. Kupata picha: ukichukua kipande cha ufa chenye kilomita 10 kwa kilomita 10, upande mmoja ukateleza sentimita 30 tu kulinganisha na mwenzake, kwenye mwamba wa ugumu wa kawaida, jibu linakuja 5.9 hivi. Sentimita 30, rula ya mwanafunzi. Lakini ni eneo lote hilo la kilomita za mraba 100 linajongea ndani ya sekunde chache, ndo maana inakuwa balaa.

Hiyo logi ndo inayowapiga watu chenga. Kutoka 5 kwenda 6 sio kuongeza moja. Mtikisiko unaoandikwa na mashine unakua mara 10, na nishati inayotoka inakua mara 32 hivi. Ukipanda ngazi mbili, kutoka 5 kwenda 7, nishati ni mara 1000. Kwa hiyo tofauti ya 0.1 kati ya Bukoba na Dar maana yake la Dar lilitoa nishati kama mara 1.4 ya la Bukoba. Kwenye makaratasi ni tofauti, ila kiuhalisia vipimo hivi vinaweza kupishana kwa 0.1 kutegemea nani kapima na kwa njia gani, hivyo mi naona ni sahihi kusema hayo mawili yalikuwa sawa. Ukitaka tofauti ya kweli kaangalie tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, lile lilikuwa 6.8, yaani nishati mara 22 hivi ya la Bukoba, mpaka Nairobi watu walitoka maofisini, na bado waliokufa walikuwa wachache kuliko wa Bukoba, wengi wao upande wa Kalemie kule Kongo.

Utasikia pia watu wakilalamika kwamba "mara wanasema 5.7 mara 5.9, wanatudanganya". Ni kweli siku ile ya Bukoba habari za mwanzo zilisema 5.7 na baadae ikaja 5.9. Hakuna anayedanganya. Dakika za mwanzo kompyuta inatumia mawimbi ya haraka yaliyofika kwanza kwenye vituo vichache, inatoa makadirio, alafu mawimbi marefu ya taratibu yakishafika vituo vingi duniani, wanapiga hesabu upya ya kile kipande kilichoteleza. Ukifungua ukurasa wa tetemeko kwenye `earthquake.usgs.gov`, tovuti ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, utaona karibu na namba kuna herufi ndogo: ukikuta `mb` ni ile ya mawimbi ya haraka ya mwanzo, ukikuta `mww` ni ile iliyopigwa hesabu ya mtelezo wenyewe, na hiyo ndo ya kuamini kama zote zipo.

Na lile neno "kipimo cha Rikta" tunalolisikia kila taarifa ya habari, sawa tu, limeshazoeleka. Ila Charles Richter alikitengeneza mwaka 1935 kwa matetemeko ya kusini mwa Kalifonia na kwa aina moja ya mashine, na matetemeko makubwa yakifika kama 7 kile kipimo kinagota, yanaonekana yote yanalingana wakati hayalingani. Ndo maana kuanzia miaka ya 1970 mwishoni wakahamia kwenye hii hesabu ya mtelezo niliyoieleza juu.

Ukali

Ukali hauna namba moja. Kila mtaa una wake. Unaandikwa kwa namba za Kirumi, kuanzia I mpaka XII, na hapo ndo pa kushika ili usichanganyikiwe: ukiona 5.9 yenye nukta ni ukubwa, ukiona VII ni ukali. Kipimo kinachotumika sana kinaitwa Mekali, kimetokana na padri wa Kiitaliano Giuseppe Mercalli mwaka 1902, kikaja kurekebishwa Marekani mwaka 1931.

Kinachonifurahisha kwenye ukali ni kwamba hauhitaji mashine. Unahitaji macho na watu wakweli. Kwenye II na III wanaosikia ni waliotulia ndani, hasa ghorofa za juu, taa ya kuning'inia inabembea na wengine wanabisha kwamba ni lori limepita. IV, walio ndani karibu wote wanasikia, vyombo kabatini vinagongana, milango inalia. V, waliolala wanaamka, vitu vidogo vinaanguka. VI, kila mtu anasikia na wengi wanakimbia nje, plasta inaanza kubanduka hapa na pale. VII ndo pagumu: nyumba iliyojengwa vizuri inapata madhara madogo, nyumba ya kawaida inapasuka, nyumba mbovu inaharibika vibaya. VIII na kuendelea hata nyumba nzuri zinaanza kuumia, na XII ni kila kitu chini.

Soma tena hiyo VII. Kipimo chenyewe kinakiri kwamba mtikisiko ule ule unatoa matokeo tofauti kutegemea nyumba. Maeneo yaliyoumia zaidi Kagera yanaangukia hapo hapo, VI mpaka VII. Dar ukifuata walichosimulia watu, milango kulia, taa kubembea, kushtuka na kushuka ngazi bila ukuta kuanguka, inaangukia IV, kwingine labda V. Hapo sasa ndo unaona mtu anayesema "la Bukoba lilikuwa kali zaidi" hajakosea, kama anaongelea ukali.

Tuyapange yote mawili, kitovu ni pale juu ya ardhi palipo sawa sawa na mwamba ulipovunjika huko chini, kina ni umbali wa kushuka mpaka hapo:

| | Bukoba 2016 | Dar 2020 |
|---|---|---|
| Ukubwa | 5.9 | 6.0 |
| Kitovu | nchi kavu, Missenyi, km 40 hivi toka Bukoba mjini | baharini kati ya Dar na Mafia, km 80 hivi toka Dar mjini |
| Kina | km 40 hivi | km 15 hivi |
| Ukali mjini | VI–VII | IV–V |
| Madhara | vifo, maelfu ya nyumba | hofu |

Hapo kwenye kina wengi wanakwama. Si tunaambiwa tetemeko la juu juu ndo baya? La Bukoba lilikuwa chini sana, kilomita 40, la Dar kilomita 15. Ila kinachohesabika ni umbali kutoka pale lilipovunjikia mpaka miguuni kwako, na huo umbali unaenda chini na pembeni kwa pamoja, ni ile pembetatu ya Pythagoras ya kidato cha pili. Bukoba mjini: 40 pembeni na 40 chini, inatoka kilomita 57 hivi. Dar mjini: 80 pembeni na 15 chini, inatoka 81. Kwa hiyo Bukoba ilikuwa karibu zaidi, lakini sio karibu kiasi cha kueleza tofauti yote ile. Kilichobaki kinaelezwa na vitu vitatu vingine.

Cha kwanza ni nani alikuwa juu ya kitovu. Juu ya kile cha Kagera kulikuwa na vijiji, watu wako kilomita 40 tu kutoka mwamba ulipovunjika, yaani moja kwa moja chini yao. Juu ya kile cha Dar kulikuwa na samaki. Sehemu iliyotikiswa vibaya zaidi siku ile haikuwa na ukuta wa kuanguka.

Cha pili ni nyumba, na hapa naomba nikae kidogo maana ndo pana mambo. Nyumba nyingi zilizoanguka Kagera ni za tofali, za udongo au za kuchoma, zimeunganishwa kwa udongo au kwa saruji kiduchu, kuta hazijafungwa pamoja juu. Ukuta wa tofali ni hodari wa kubeba uzito unaoshuka moja kwa moja chini, bati na mbao unazibeba miaka 50 bila kulalamika, ila tetemeko linausukuma kwa pembeni, kushoto kulia kushoto kulia, na kwa pembeni udongo hauna kitu cha kushikilia. Kona zinaachana, kila ukuta unaanza kucheza peke yake, ule mrefu usio na kitu cha kuushika unalala. Lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, nondo zake zikiwa zimekunjwa na kuingiliana kwenye kona, inafanya kuta nne zicheze kama boksi moja badala ya vipande vinne. Hiyo peke yake inaweza kuishusha nyumba kutoka kwenye kundi la zinazoanguka mpaka kundi la zinazopasuka, na kati ya hayo makundi mawili ndo kuna uhai wa mtu. Dar mjini nyumba nyingi ni za tofali za saruji zenye lenta, au gorofa za nguzo na mihimili ya zege, na mtikisiko wenyewe uliwafikia ukiwa umeshapoa.

Cha tatu ni udongo. Mawimbi yakitoka kwenye mwamba mgumu yakaingia kwenye udongo laini, mchanga wa pembeni ya ziwa, tope la bondeni, kifusi, yanapunguza mwendo na kimo chake kinaongezeka. Ndo maana mji mmoja unaweza ukawa na ukali wa V kwenye kilima cha mawe na VII bondeni umbali wa kutembea kwa miguu. Kule Bukoba maeneo kama Hamugembe yalitajwa sana kwa uharibifu wakati mitaa mingine ya mji huo huo ilipona na nyufa tu. Hiyo tofauti huwezi kuiona kwenye 5.9. 5.9 ni ya wote.

Na magorofa ya Dar? Waliokuwa ghorofa ya kumi waliapa lilikuwa kubwa mno, waliokuwa chini wakiendesha bajaji hawakusikia chochote. Wote wakweli. Mawimbi yaliyosafiri mbali, yale ya haraka yanafifia njiani na yanabaki yale ya polepole, na gorofa refu linabembea na hayo ya polepole. Kwa hiyo ukali unaoripotiwa na mtu wa juu lazima usome pamoja na ghorofa aliyokuwepo. Kwenye ukurasa wa `Did You Feel It?` wa USGS wanauliza kabisa ulikuwa ghorofa ya ngapi, umelala au umesimama, vitu vilianguka au vilibembea tu, na majibu yako ndo yanageuzwa namba ya Kirumi. Kwetu ambako vituo vya kupimia ni vichache hayo majibu ya watu yana thamani kubwa, maana ile ramani ya rangi ya ukali inayotoka dakika chache baada ya tetemeko kwa sehemu kubwa ni makadirio ya kompyuta, inachukua ukubwa, kina na aina ya udongo inavyodhaniwa, inakisia. Usiichukue kama msahafu mtaa kwa mtaa.

Kwa kina peke yake angalia mfano wa tatu: tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, mpakani mwa Kongo na Rwanda, kati ya Bukavu na Rusizi. Ukubwa 5.9, ile ile ya Bukoba. Kina kama kilomita 10, watu wako juu yake, wengine wako kanisani. Zaidi ya watu 30 walifariki. Namba ileile, hesabu nyingine kabisa.

Ufa

Sasa ufa. Ramani inauchora kama mstari, na ndo kosa linapoanzia, watu wanadhani kuna mstari ardhini ambao ukikaa nje yake uko salama. Ufa ni uso, ni kama kilomita za mraba za mwamba zilizovunjika toka zamani, pande mbili zimekaa zimebanana, na huo uso umeinama unaingia chini kilomita nyingi. Mstari wa ramani ni pale tu huo uso unapochungulia juu ya ardhi, kama unachungulia. Na kwa kuwa umeinama, tetemeko linaweza kuanzia chini ya kijiji kilicho kilomita kadhaa kutoka kwenye mstari wenyewe.

Kinachofanya uteleze ni kwamba huku kwetu bara linavutwa, upande wa mashariki na upande wa magharibi vinaachana milimita chache kwa mwaka. Pande mbili za ufa zinagomea hiyo safari kwa sababu zimekabana, mwamba wa pembeni unajipinda kidogo kidogo miaka mia na zaidi, mpaka siku mkabano unashindwa, ndo zile sentimita 30 zinateleza kwa mpigo. Ardhi ikivutwa hivyo, kipande cha upande mmoja kinashuka. Ukipita Mto wa Mbu ukaangalia ule ukuta wa Manyara, au ukishuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, unaangalia ufa kwa macho: mamia ya mita za kimo zilizojengwa na mitelezo kama hiyo, mmoja baada ya mwingine, kwa mamia ya maelfu ya miaka na zaidi.

Mara chache sana mtu anaushuhudia ukifanya kazi mpaka juu. Tarehe 6 Januari 1928 kule Subukia, Kenya, tetemeko la 6.9 lilipasua ardhi chini ya ukuta wa Laikipia kwa zaidi ya kilomita 30, sehemu nyingine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita 2. Hilo ni funzo zuri la kulinganisha na Bukoba. Kule Missenyi hakuna aliyeona ardhi imeshuka hivyo, maana mtelezo ulitokea kilomita 40 chini na kipande chenyewe ni kidogo, hauwezi kufika juu. Nyufa zilizoonekana ardhini baada ya tetemeko lile ni za udongo uliotikiswa na kuteremka, sio ufa wenyewe. Na tena pale sio katikati ya bonde la ufa, ni pembeni, kati ya bonde la magharibi na Ziwa Viktoria, kwa hiyo mtu aliyekuwa anaangalia ramani ya mistari minene tu asingeitarajia.

Na ile ya Mai Mahiu ya Machi 2018, lile shimo refu lililokata barabara ya kwenda Narok na dunia nzima ikaandika kwamba Afrika inagawanyika? Wajiolojia wengi walioiangalia walisema ni mvua: maji yamesomba majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaza mapengo ya chini, juu pakazama. Namna ya kutofautisha: hakukuwa na tetemeko kubwa siku ile, na pande zote mbili za shimo ziko kimo kimoja, hamna iliyoshuka. Ufa ukiteleza unaacha ngazi. Maji yanaacha mtaro.

Uchague kipi

Ukitaka kujua kama tetemeko la leo ni kubwa kuliko la mwaka fulani, au mtu wako wa Kigoma amekupigia ameshtuka unataka kujua ni kitu cha namna gani, chukua ukubwa, ila usiuchukue peke yake, angalia kina na kitovu papo hapo. Kwa mimi hizo tatu ndo kima cha chini, na ripoti yoyote yenye namba moja tu naipita.

Ukitaka kujua kilichotokea mahali fulani, acha ukubwa kabisa chukua ukali. Mwandishi anayeandika kuhusu nyumba za Hamugembe hana kazi na 5.9 zaidi ya sentensi moja. Hata kwa matetemeko ya zamani, kabla mashine hazijaja, wanatumia ukali: barua za wamisheni, simulizi za wazee, ukuta gani ulianguka wapi, wanachora ramani, kisha kutoka kwenye ramani wanarudi kukisia ukubwa.

Ukitaka kununua kiwanja au kujenga, watu wanakimbilia kuuliza "ufa unapita wapi". Swali zuri kwa bwawa, daraja au bomba, na kweli usijenge juu ya ufa unaojulikana kwamba uko hai, maana mita 2 za kushuka hakuna msingi unaozihimili. Ila kwa nyumba ya kawaida Kagera, Mbeya, Rukwa au Nakuru, kukwepa mstari hakukusaidii sana kwa sababu mtikisiko unasambaa makumi ya kilomita kila upande. Kati ya kiwanja cha kwenye mwamba kilomita 5 kutoka kwenye ufa na cha kwenye tope kilomita 20, mi ningechukua cha mwamba, na pesa iliyobaki ningeiweka kwenye lenta na nondo za kona. Dirisha pia usiliweke karibu sana na kona, unaidhoofisha pale pale panapotakiwa nguvu.

Na ukipokea ile meseji ya "leo saa sita usiku litapita la 8.2, zimeni simu", jua kwamba hakuna taasisi yoyote duniani inayoweza kutaja saa na ukubwa wa tetemeko kabla halijatokea. Ukubwa unajulikana mwamba ukishateleza, sio kabla. Kinachowezekana ni kusema eneo fulani lina uwezekano kiasi gani kwa miaka mingi ijayo, basi.

Baada ya tetemeko kupita, ukiwa umesimama mlangoni unajiuliza uingie ukalale au ulale nje, zunguka nyumba kwanza kwa nje mchana kukiwa na mwanga. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta, zimesambaa ovyo, mara nyingi ni plasta tu. Nyufa za ulalo zinazoanzia kwenye kona za madirisha na milango, au zinazokatana kama herufi X kwenye ukuta wa kati ya madirisha mawili, hizo zimeingia kwenye tofali, ukuta umesukumwa pembeni kuliko uwezo wake. Kona iliyoachana mpaka unapitisha kidole, au ukuta uliojitenga na paa, usiingie, muite fundi anayejua au mhandisi wa halmashauri. Maana mitetemo ya baadae inakuja, na ile kubwa kuliko zote kwa wastani huwa imepungua kama 1.2 kulinganisha na tetemeko lenyewe, kwa hiyo baada ya 5.9 tarajia hata 4.7. Nishati yake ni kama moja ya sitini ya lile la kwanza, nyumba nzima haitaijali, ila ukuta wenye X tayari sio ule ulioingia nao kwenye tetemeko la kwanza.